Tundu la Sita

Katika kitivo cha maandalizi cha mji wa Verkhnelugsk, ambako wageni hufundishwa Kirusi mwaka mzima kabla ya kuingia chuo kikuu, kulikuwa na picha moja tu ukutani, nayo ilikuwa ya marehemu Gleb Sergeyevich Vedeneyev. Chini yake, ndani ya kabati la kioo, kiliwekwa kitabu chake chenye jalada la kijani: mazoezi ya kujaza mapengo juu ya vitenzi vya mwendo. Mjane wake, Rimma Arkadyevna, naye mwalimu hapo, alikuwa akikipangusa kioo hicho mwenyewe kila Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza. Hakumwachia mfagizi.

Alikuwa na miaka sitini na minne, mgongo umenyooka, shali ya sufu ya kijivu imebanwa kwa kibanio cha fedha. Baba yake alikuwa mwalimu, babu yake pia. Alipoolewa na Gleb aliliingia jina la Vedeneyev kama mtu anayeingia nyumba nzuri, akafunga mlango nyuma yake, na tangu siku hiyo akawa ndiye mlinzi wa mlango.

Vitenzi vya mwendo ndivyo vinavyowatoa wageni jasho. Mrusi hana neno moja la kwenda. Kwanza anataka kujua unakwenda kwa miguu au kwa chombo. Halafu anataka kujua: uko njiani sasa, umeelekea upande mmoja, au ni mazoea yako, unakwenda na kurudi? Aliye njiani kwa miguu hutumia idti. Mwenye mazoea hutumia khodit. Wa basi na treni wana yao mawili, yekhat na yezdit. Ukishayazoea hayo, vinakuja viambishi vya mbele: kimoja cha kuingia, kimoja cha kutoka, kimoja cha kuvuka, kimoja cha kufika mpaka mahali. Watu wazima, wahandisi wenye watoto nyumbani, wamewahi kulia mbele ya pengo moja la namna hiyo.

Mwaka huo wageni walikuwa wachache, kundi moja la watu kumi na mmoja, na lilipewa mwalimu kijana, Taisiya Romanovna, ambaye miaka minane nyuma alikuwa mwanafunzi wa ualimu chini ya Gleb mwenyewe. Taisiya hakuwafundisha wakiwa wamekaa. Alichora mto kwa chaki sakafuni, akawavusha. Akawaingiza mlangoni na kuwatoa, mmoja mmoja, kila mmoja akitaja kwa sauti kitenzi anachokitenda. Siku moja Rimma Arkadyevna alipita ukumbini akakuta Wakolombia wawili na Mmongolia wanazunguka nguzo na makoti yao.

"Wanafanya nini hawa?" aliuliza.

"Wanaizunguka nguzo, Rimma Arkadyevna. Obkhodit," alijibu Taisiya, akicheka.

"Hapa ni shule, Taisiya Romanovna. Sarkasi iko upande wa pili wa mto."

"Basi tutaivukia," alisema mmoja wa Wakolombia, tena kwa kitenzi sahihi kabisa. Rimma Arkadyevna hakucheka.

Mtihani wa Januari aliutunga yeye. Kwa vitenzi vya mwendo alilichukua zoezi la kumi na nne la kitabu cha mumewe, sentensi ishirini, kila moja na pengo na majibu manne ya kuchagua. Zoezi hilo lilikuwa na kadi yake ya kusahihishia, kadibodi nene aliyoitoboa Gleb kwa mkono wake: tundu moja kwa kila sentensi, mahali lilipo jibu la kweli. Unailaza juu ya karatasi ya mwanafunzi. Ukiona alama ya kalamu ndani ya tundu, amepata. Usipoiona, amekosa. Kwa sheria ya idara mwalimu hasahihishi kundi lake, kwa hiyo Taisiya hakuziona karatasi hizo hata mara moja.

"Kadi haina jamaa," Rimma Arkadyevna alipenda kusema. "Haijui nani ana macho mazuri."

Kundi zima lilianguka. Wa kwanza alipata tisa kati ya ishirini. Kufaulu kulihitaji kumi na tatu.

Jumanne idara ilikutana katika chumba cha walimu. Mkuu wa idara, Zinaida Fominichna, mwanamke mnene mwenye huruma na kikohozi kisichoisha, alikuwa akipuliza chai yake yenye limau. Taisiya alikaa karibu na dirisha akiwa na daftari magotini.

"Sitaki kumwonea mtu," alianza Rimma Arkadyevna, akisimama ingawa hakuna aliyesimama kwenye vikao hivyo. "Lakini watu kumi na mmoja wameanguka, na sehemu waliyoanguka ni moja. Miezi minne wamezungushwa kwenye nguzo. Wamevushwa mito ya chaki. Walichovuna ni hiki." Akaziweka karatasi mezani. "Mume wangu alifundisha miaka thelathini na tatu bila kumwinua mtu kwenye kiti chake."

Mwalimu mmoja wa fonetiki aliinamia kikombe.

"Darasani wanaweza," alisema Taisiya. "Mnaweza kuja kuwasikiliza. Mimi mwenyewe sielewi."

"Ndiyo shida yenyewe, binti yangu," alisema Rimma Arkadyevna kwa upole ule unaouma zaidi. "Kwamba huelewi."

Mkataba wa Taisiya ulikuwa wa mwaka mmoja na uliisha mwezi huo. Zinaida Fominichna alikohoa, akasema kundi italibidi lirudie muhula, na kuhusu mwalimu ataamua Ijumaa. Taisiya alitoka bila kuvaa kofia, na theluji ilikuwa inaanguka.

Alhamisi, siku ya mwisho ya kuuliza juu ya matokeo, Manivone aligonga mlango wa Rimma Arkadyevna, wa chumba kile chenye picha ya Gleb. Alikuwa msichana kutoka Laos, wa miaka ishirini na mitatu, mdogo wa mwili, amevaa masweta mawili, na alikuja Urusi kusomea misitu. Alikuwa amepata nane.

"Malalamiko huandikwa," alisema Rimma Arkadyevna bila kuinua macho.

"Sikuja kulalamika, mwalimu. Nimekuja nijue ninakosea wapi, ili nisikosee tena."

Hilo lilimgusa. Hivyo ndivyo alivyolelewa yeye. Akamwonyesha kiti, akatoa karatasi, akatoa na kadi, akailaza juu yake.

"Tazama. Moja mpaka tano, sawa. Ya sita, tundu ni tupu. Ya saba, tupu. Ya nane, tupu."

Manivone aliinama kuitazama karatasi yake kwa muda. Kisha akasimama.

"Naomba nitembee kidogo, mwalimu. Mimi bila miguu siwezi kufikiri. Ndivyo tulivyozoea."

Kabla hajajibiwa alitoka nje, ukumbini, akafunga mlango, akaufungua, akaingia, akavua kofia ambayo hakuwa nayo.

"Ya sita: daktari, pengo, chumbani, na akavua kofia. Voshol. Ameingia. Nimechagua jibu la tatu." Kisha akashika ncha ya zulia kama ukingo wa barabara, akalivuka kwa hatua za kizee, mkono kiunoni. "Ya saba: bibi, pengo, barabara kwenye taa ya kijani. Pereshla. Amevuka. Jibu la kwanza." Akasimama upande wa pili wa zulia, amekunja uso. "Ndipo hapo nisipoona, mwalimu. Nimekosea kuingia au nimekosea kuvuka?"

Hakukosea lolote. Mtoto wa chekechea wa Kirusi angejua kwamba hakukosea. Rimma Arkadyevna, mwenye shahada mbili, alikuwa amesahihisha karatasi kumi na moja bila kuisoma hata sentensi moja, kwa kuwa kadi haikosei.

Alilitazama tundu la sita. Lilikuwa kwenye jibu la pili. Jibu la pili la kitu gani? Akauhisi moyo wake ukipiga hatua moja pembeni, kwa sababu alikijua.

"Nenda, binti," alisema. "Njoo kesho mchana. Umefanya vizuri kuja."

Manivone aliposhuka ngazi, Rimma Arkadyevna alifunga mlango kwa ufunguo na kukitoa kitabu cha kijani kabatini. Zoezi la kumi na nne, sentensi ya sita. Gleb aliokota sentensi zake kutoka maishani mwake. Aliona uvivu kuzibuni. Hii ilisema: Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mimi na mke wangu, pengo, Sosnovka kwa Kolya. Jibu la pili: yezdim. Tunakwenda na kurudi, kwa chombo, ndiyo desturi yetu.

Kolya alikuwa mdogo wake Gleb. Akili yake ilivurugika akiwa jeshini, na tangu hapo aliishi katika nyumba ya wagonjwa wa akili, Sosnovka. Katika Verkhnelugsk ukisema fulani yuko Sosnovka, watu hawakuulizi yuko kwa shughuli gani. Rimma Arkadyevna alikuwa amekwenda mara nne katika ndoa nzima, na kila mara aliketi karibu na mlango, mkoba magotini. Mara zilizobaki Gleb alikwenda peke yake, na akaandika "mimi na mke wangu" kwenye kitabu. Yeye mkewe, akiulizwa na watu juu ya ndugu za mumewe, alisema alikuwa naye mmoja, alifariki zamani.

Mwezi Novemba, akichapa mtihani nyumbani, alifika kwenye sentensi hiyo akaifuta. Gleb alikuwa na miaka miwili kaburini. Kwa nini watu kumi na mmoja kutoka kila pembe ya dunia wasome aibu ya nyumba yake? Alichagua kwa uangalifu sentensi nyingine ambayo jibu lake pia lilikuwa la pili, ili kadi ya Gleb isiharibike, sentensi juu ya familia inayokwenda bustanini kila kiangazi. Lakini alitaka kuondoka pale haraka, akaibandika mwisho wa orodha badala ya pale pale. Kompyuta, ambayo hakuwahi kuipenda, ilizipanga namba upya bila kumwambia. Ya saba ikapanda ikawa ya sita, ya nane ikawa ya saba, mpaka chini. Matundu yakabaki yalipokuwa. Lile la sita lilikuwa bado linamngoja Kolya.

Alizisahihisha karatasi zote upya kwa macho. Manivone alikuwa na kumi na tisa. Kundi zima lilikuwa limefaulu isipokuwa Mmongolia mmoja, aliyepata kumi na mbili, na huyo alikuwa mgonjwa wiki tatu.

Alikaa na kalamu mkononi. Maneno ya kutorokea yalimjia yenyewe, laini, yamenyooshwa: kumetokea hitilafu ndogo ya uchapaji, matokeo yamerekebishwa. Hapo hapangekuwa na wa kuuliza lolote. Alikumbuka Taisiya alivyotoka kwenye theluji bila kofia, akayaandika kwenye karatasi hivyo hivyo, akatia sahihi.

Ijumaa asubuhi Zinaida Fominichna aliisoma karatasi hiyo mbele ya wote, uso ukimng'aa.

"Nilijua tu," alisema. "Ni wale wa chumba cha kuchapia. Juzi wameniletea ratiba ina Jumatano mbili. Hawa siku moja watatuchapia picha ya Gleb Sergeyevich kichwa chini. Nitawaandikia barua leo leo."

Watu wakacheka. Taisiya alikuwa amefunika macho kwa kiganja, na mabega yalikuwa yameshuka kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akainuka, akamwendea Rimma Arkadyevna, akamshika mkono.

"Asante kwa kuzisahihisha tena. Mtu mwingine asingehangaika."

Angevumilia mtu kumtukana. Huo mkono wa shukrani ndio uliomshinda. Mkono ulikuwa wa moto, na wa kwake ulikuwa wa baridi, na alihisi hata kibanio cha shali kinamchoma.

"Usiandike barua, Zinaida Fominichna," alisema. "Chumba cha kuchapia hakina kosa. Ni mimi."

"Wewe na kompyuta, mpenzi wangu, sisi sote na kompyuta..."

"Niache nimalize. Nilitoa sentensi moja kwenye zoezi la mume wangu. Nikatia nyingine mahali pasipo pake, namba zikahama. Halafu nikasahihisha bila kusoma. Halafu Jumanne nikasimama hapa. Yote niliyoyasema Jumanne nayafuta, na naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kama yale yalivyoandikwa."

Mtu fulani alikoroga chai isiyokuwa na sukari.

"Sentensi ipi?" aliuliza Zinaida Fominichna. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua.

Rimma Arkadyevna aliutazama mlango. Ulikuwa hatua sita. "Ya sita. Ya Sosnovka."

Alitegemea waulize Kolya ni nani. Alikuwa ameandaa sauti ya kuwajibu. Lakini mwalimu wa fonetiki aliitikia kwa kichwa tu, na Zinaida Fominichna akasema taratibu, "Aa, ya Kolya," kama mtu anayetaja jirani.

"Mnamjua?"

Walitazamana. Taisiya ndiye aliyejibu, maana wengine waliona haya.

"Gleb Sergeyevich alitufundisha kwa sentensi hiyo. Mtu mmoja darasani aliuliza Kolya ni nani, akasema ni mdogo wangu, ni mgonjwa, hunisubiri getini na kofia ya manyoya hata kiangazi. Akasema: ukitaka kuelewa yezdit, tafuta mtu anayekusubiri. Alikuwa anatusimulia kila mwaka. Tulikuwa tunamtumia Kolya peremende."

"Kila mwaka," alirudia Rimma Arkadyevna.

"Sisi tulidhani unajua kwamba tunajua," alisema Zinaida Fominichna. "Wewe ulisema amefariki, tukaona basi, ni huzuni yako. Tusikuguse."

Kwa hiyo miaka yote hiyo alilinda mlango wa nyumba ambayo ukuta wa nyuma haukuwepo. Watu walipita, wakaona kila kitu, wakampungia mkono kwa adabu, naye akadhani wanausifu mlango. Lakini hilo halikuwa ndilo lililomchoma zaidi aliporudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Kuna jambo hakuliuliza mtu na hakuna aliyemuuliza. Gleb alikufa Oktoba. Jumamosi ya kwanza ya Novemba, mwaka ule, nani alikwenda kumwambia Kolya?

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Februari. Basi la Sosnovka liliondoka saa mbili na dakika arobaini. Alivaa koti lake jema. Kituoni mama mmoja mwenye ndoo ya matango ya chumvi alimuuliza anakwenda wapi, akamjibu kwa sauti, "Sosnovka," na mama yule akamsogezea nafasi.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya njano, geti la chuma, njia imefagiliwa theluji. Ndani ya kibanda cha geti mlinzi, mwanamke mwenye koti la pamba, alimsukumia daftari la wageni.

"Unamtaka nani?"

"Kolya."

"Ninao Kolya wanne, mama. Mmoja anadai ni askofu."

"Vedeneyev."

"Loo, Kolya wa geti." Akaelekeza kidevu dirishani. "Yule pale. Kila Jumamosi ya kwanza yuko hapo mpaka kengele ya chakula. Baridi hii, nimemkataza, hasikii. Ana kaka yake, sijui aliudhika nini, akaacha kuja. Watu wana mioyo ya mawe."

"Hakuudhika," alisema Rimma Arkadyevna. "Alifariki. Miaka miwili na miezi mitatu."

Mlinzi akaweka chini soksi aliyokuwa akifuma. "Na hamkuleta habari?"

"Sikuleta."

"Wewe ni nani wake?"

Daftari lilikuwa na safu ya jina na safu ya udugu. Aligeuza kurasa nyuma, haikumchukua muda, wageni walikuwa wachache, mpaka akaukuta mwandiko wa Gleb ulioinamia kulia. Vedeneyev G. S., kaka. Juu yake tena, kaka. Mwezi juu ya mwezi. Na kila mara, pembeni, kwa herufi ndogo, alikuwa ameongeza: salamu kutoka kwa Rimma.

Hakuwahi kutuma salamu yoyote.

Aliandika jina lake kamili, na kwenye safu ya pili, shemeji. Kalamu ilikuwa inakatakata wino kwa baridi, ikabidi aliandike mara mbili.

Kolya alikuwa amezeeka. Alisimama wima kama askari, kofia ya manyoya imefungwa kidevuni, uso mwekundu. Macho yalikuwa ya Gleb. Alimtazama Rimma, akamtazama mkoba wake, akatazama nyuma yake barabarani.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa sana, Kolya."

"Wewe ni Rimma. Unanisalimu kila mwezi." Alisema kwa uhakika, bila lawama, kisha akanyoosha shingo tena kuelekea kituoni. "Gleb yuko kwenye basi gani?"

Alikuwa na majibu ishirini kichwani na yote yalikuwa ya kutorokea. Palikuwa na benchi karibu na geti. Aliipangusa theluji kwa mkono wake mwenyewe, akamkalisha, akakaa karibu naye, si upande wa geti. Akavua glavu, akamshika mkono, akaanza kumwambia, na wakati wote alipokuwa akisema hakujua ayaweke wapi macho yake.